Video ya kuombea kazi: ionekane na waajiri, namba ya simu isionekane

Video niliyoiandaa ilikuwa ya fundi wa viyoyozi, sekunde 90, imerekodiwa kwa simu. Kabla ya kuipandisha YouTube nililikagua faili lenyewe kwa exiftool, programu inayosoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kwa sababu simu huandika mambo yake humo bila kukuuliza:

```
exiftool -a -G1 ghafi.mov
```

Mstari wa `GPS Coordinates`, yaani namba za mahali video iliporekodiwa, ulikuwepo. Watu wengi hurekodi wakiwa nyumbani, kwa hiyo namba hizo ukizibandika kwenye ramani zinakupeleka hadi karibu na mlango wa mhusika. Ukimtumia mwajiri faili kwa baruapepe, zinakwenda nalo. Nilizifuta kwa ffmpeg, programu ya kushughulikia faili za video, na papo hapo nikaweka kichwa kipya:

```
ffmpeg -i ghafi.mov -map_metadata -1 -c copy -metadata title="Fundi AC na majokofu" fundi-ac-majokofu.mp4
```

Hiyo `-c copy` hunakili picha na sauti zilivyo, ubora haupungui na kazi huisha upesi. Kisha nikarudia `exiftool` kwenye faili jipya. Usiruke hatua hii. Jina la faili nalo liangalie: nimewahi kuona faili lililoitwa kwa jina kamili la mtu pamoja na namba yake ya simu.

Sasa upande wa kutafutwa. Kichwa cha “Utangulizi wangu” hakuna mwajiri atakayekiandika akitafuta fundi. YouTube inaruhusu herufi 100, nami niliweka kazi mwanzoni: “Fundi AC na majokofu, miaka 6: kufunga, kusafisha, gesi R32 na R410A”. Neno “viyoyozi” nililiweka katika sentensi ya kwanza ya maelezo, maana wengine hutafuta kwa neno hilo. Mahali niliandika mji tu, bila mtaa. Lebo nilizipa dakika moja, uzito wake ni mdogo.

Namba ya simu sikuiweka popote. Maelezo ya video ya hadharani husomwa pia na programu zinazokusanya namba na anwani, na kuandika “sifuri saba…” kwa maneno hakumzuii mtu anayesoma. Niliweka anwani ya baruapepe iliyofunguliwa kwa ajili ya kazi tu, isiyo na mwaka wa kuzaliwa ndani yake. Matapeli wakiijaza, inafungwa bila hasara. Namba hutolewa baada ya mwajiri kujitambulisha.

Kosa lililokaribia kunipita lilikuwa kwenye manukuu, yale maandishi ya maneno yanayosemwa ambayo YouTube huyatengeneza yenyewe. Fundi alikuwa ametaja namba yake mwishoni mwa video, na manukuu yakaiandika tarakimu kwa tarakimu. Kuifuta kwenye manukuu pekee hakutoshi, sauti bado inaisema. Nilikata sekunde hizo za mwisho kwenye faili, nikalipandisha upya, kisha nikayasahihisha manukuu kwa mkono: “R410A” ilikuwa imeandikwa ovyo.

Mwisho nikaiweka hadharani. Ile hali ya kuonekana kwa wenye kiungo pekee inafaa ukituma maombi mwenyewe, ila video ya namna hiyo haitokei mtu akitafuta.