Kumbukumbu ya mradi wangu: ndoo nne kati ya tano

Wiki ya kwanza. Video ni ya dakika nne kuhusu Ziwa Victoria, na nimeamua isimame juu ya namba moja tu: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani kila mwaka ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, hata Kagera ambao ndio mkubwa kuliko mingine, inagawana asilimia 20 iliyobaki. Nataka namba hii ifungue video na ndiyo iifunge.

Kabla ya kuandika niliwauliza watu sita hapa Mwanza, bila kuwadokeza jibu: maji ya ziwa yanatoka wapi zaidi? Watano walisema mitoni. Hicho ndicho kipimo changu. Kama wengi wangepatia, ningetafuta namba nyingine, maana takwimu isiyogongana na jambo ambalo mtu tayari analiamini haimshtui.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kosa baya. Niliandika: "Asilimia 80 ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua." Hilo ni jambo jingine kabisa. Namba inahusu maji yanayoingia kwa mwaka, si maji yaliyomo ziwani. Na kwa kuwa vipimo vya watafiti hupishana kidogo, neno "karibu" lazima libaki. Nikageuza asilimia kuwa ndoo: "Kila ndoo tano za maji zinazoingia ziwani, karibu nne zinatoka angani." Mtu anaziona ndoo, na neno "zinazoingia" linalinda ukweli.

Wiki ya pili. Mwisho umenitesa. Nilikuwa nairudia tu ile namba kwa sauti nzito zaidi. Nilipomsomea mjomba, ambaye amevua miaka mingi, alisikiliza mpaka mwisho akaniambia, "Mwanangu, hilo si ulishaniambia pale mwanzo?"

Ni kweli. Namba ya mwanzo inamkopa msikilizaji: anabaki na swali, "inawezekanaje?" Ikirudi mwishoni inapaswa kumlipa, yaani maneno yawe yale yale lakini ayasikie tofauti kwa sababu ya alichojifunza katikati. Basi nikaandika katikati upya kwa kujiuliza sentensi moja moja: hii inabadilisha maana ya zile ndoo? Kina cha ziwa, idadi ya visiwa, historia ya jina, vyote nikavifuta. Yamebaki mambo mawili.

La kwanza ni upepo wa usiku. Nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo usiku hewa husukumwa kutoka pande zote za ufuko kuelekea ziwani. Inakutana juu ya maji yenye joto, inapanda, na mawingu ya radi yanajengeka humo humo. "Ndiyo maana radi tunaziona huko ndani usiku, huku nchi kavu kukavu," alisema mjomba. Hilo linajibu "inawezekanaje".

La pili ndilo lililonipa mwisho. Jua nalo huchukua karibu ndoo nne kati ya tano zinazotoka, kwa mvuke, na Nile pale Jinja unapata iliyobaki. Maana yake kimo cha ziwa kinategemea sana mashindano ya mvua na jua. Miaka ya mvua nyingi mfululizo, ziwa hupanda hata kama hujauona mto wowote ukifurika karibu nawe. Mei 2020, baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 na za masika yaliyofuata, lilipita rekodi yake ya mwaka 1964.

Mwaka huo maji yalifika uani kwa mjomba, na siku zote aliamini ni mito. Sasa video inafungwa uani kwake, kamera ikitazama alama ya maji ukutani: "Kila ndoo tano zinazoingia ziwani, karibu nne zinatoka angani. Mengi ya maji haya hayakupitia mtoni."

Nimebakiza sentensi moja ya tahadhari, kwamba milango ya bwawa la Jinja nayo inahusika. Ziwa liliposhuka sana mwaka 2005 na 2006, ukame na maji mengi yaliyofunguliwa bwawani vyote vilichangia. Niliiweka mwishoni ikaua ile sentensi ya kufunga. Nimeihamishia mara tu baada ya jua na mvuke, na hapo imekaa vizuri.

Jana nimemsomea mjomba toleo hili. Ilipofika ile sentensi ya mwisho hakusema kitu. Aliinuka, akaenda kuushika ule ukuta. Jumamosi narekodi sauti.