Jinsi nilivyomtoa mzee katikati ya picha

Nilikuwa na picha ya mzee ameketi kwenye benchi, pembeni kushoto, na ukuta mtupu umejaza sehemu yote iliyobaki. Nilitaka programu ya kuunda picha initolee nyingine yenye mpangilio uleule. Kila nilipoandika "mzee kwenye benchi, ukuta nyuma yake", alitokea katikati, amejaa fremu nzima. Nikaongeza "asiwe katikati". Hakusogea. Programu nyingi hazishiki vizuri maneno ya kukataza. Neno "katikati" likitajwa tu, huwa linamvuta mtu hukohuko.

Kilichosaidia ni kuigawa picha mafungu matatu kwa mistari ya wima, kisha kuueleza ule utupu kama kitu chenye umbo. Fremu ikatangulia, mtu akafuata:

"Picha ya mlalo, kamera iko mbali, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Theluthi mbili za kulia ni ukuta wa chokaa wenye kivuli kimoja cha mti. Kwenye theluthi ya kushoto mzee ameketi kwenye benchi, kimo chake nusu ya urefu wa picha, uso umeelekea kulia mwa picha."

Niliandika "kulia mwa picha" makusudi, kwani "kulia kwake" kungeweza kueleweka kinyume. Uwiano wa 3:2 niliuweka kwenye mipangilio, maana maneno peke yake mara nyingi hayabadilishi umbo la fremu.

Jaribio la pili, mzee alikaa mahali pake. Kivuli tu ndicho kilichoangukia juu zaidi kuliko kwenye picha yangu.