Siku moja na ndoo ya platri, Goma

Watu wakiniuliza kazi yangu nikasema "ninafunga platri", yaani plasta ya mifupa iliyovunjika, wengi hudhani nachanganya udongo mweupe na maji, basi. Hospitalini wananiita Papa Platri. Sikasiriki. Ila kuna siku kama ya juzi, ambayo kila mtu aliyeingia chumbani kwangu alitaka kunifundisha kazi yangu.

Saa 11 na nusu alfajiri niko macho. Chai, mkate, kisha kuteremka kutoka mtaa wa Ndosho nyuma ya motari, dereva wa pikipiki, huku vumbi jeusi la volkano likiniingia masikioni. Saa 1 na nusu nafungua chumba, nahesabu roli za platri, nachota maji kwenye ndoo. Maji yawe vuguvugu tu. Yakiwa ya moto, platri inakauka upesi kabla hujaipa umbo, na joto lake linaweza kuunguza ngozi ya mgonjwa.

Saa 2 hadi saa 4 ni kutoa platri za zamani. Mtoto mmoja alilia akidhani msumeno utamkata, nikauweka kwenye kiganja changu aone: meno yake yanatetemeka tu, hayazunguki. Akacheka. Wengine wanne walipita bila neno.

Saa 4 na kitu akaingia mama mmoja na binti yake wa miaka 16. Binti alijikwaa kwenye mawe ya lava akaangukia kiganja, mkono umenyooshwa mbele. Dokta ameandika: platri ya skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo cha mkono. Mama ameshika picha ya radio, ile eksirei, kama hati ya kiwanja.

"Papa, radio inasema hakuna kitu. Platri ya nini?"

Nikamwambia binti anyooshe dole gumba kwa nguvu, kama anayeomba lifti. Ukifanya hivyo, mishipa miwili inasimama chini ya dole, juu kidogo ya kifundo, na katikati yake panabaki kishimo. Wazee waliweka ugoro hapo wakavuta, ndiyo maana shuleni tulifundishwa kukiita tabatiera. Nilibonyeza taratibu kwa kidole kimoja. Binti akaruka kwenye kiti. Upande wa pili, mkono mzima, nilibonyeza vilevile na hakushtuka. Chini ya kishimo hicho analala skafoidi. Akiuma pale baada ya kuanguka, tunamfunga hata radio ikiwa safi, kisha anapigwa radio nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Ufa wa siku ya kwanza unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele. Baada ya wiki moja na nusu hivi, mwili unakuwa umekula kidogo kingo za mfupa uliovunjika, na mstari unajitokeza.

Mama alikubali kwa shingo upande. Nikavalisha soksi ya pamba, nikazungusha pamba, nikafunga platri kutoka chini ya kiwiko hadi kiganjani, dole gumba likiwa ndani hadi kabla ya kiungo cha juu, mkono ukikaa kama umeshika glasi. Madaktari bado wanabishana kama kweli dole linahitaji kufungwa. Mimi nafunga kama karatasi ilivyoandikwa. Nikaandika tarehe ya kurudi juu ya platri yenyewe, kwa kalamu nene, kwa sababu karatasi hupotea.

Hapo ndipo siku ilipoharibika.

Aliingia kijana mmoja, motari, jaketi mabegani, hana karatasi yoyote mkononi. Nilimkumbuka kabla hajasema. Karibu miezi minne iliyopita alianguka na moto, pikipiki yake, kule mtaa wa Majengo, akaangukia kiganja cha kushoto. Radio ya kwanza ilikuwa safi, tukamfunga. Siku ya 13 radio ya pili ikaonyesha mstari katikati kabisa ya skafoidi, kwenye kiuno chake. Dokta akamwambia wiki 8 hadi 12. Nikamfunga upya, nikaandika tarehe. Hakurudi.

"Papa, ninyi njo mulinialibia mukono," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye foleni. "Mwanzo mulisema hakuna kitu. Kisha mukasema imevunjika. Nani alivunja?"

Nikamuuliza platri ilitolewa lini. Wiki ya nne. Nani aliitoa? Alitumbukiza mkono kwenye beseni la maji, akaikata kwa kisu cha jikoni. Maumivu yalikuwa yameisha, na mwenye moto alikuwa anangoja pesa yake kila jioni. Hilo la pesa nalielewa. Nina watoto wanne. Lakini alisema pia kwamba bibi mmoja alikuwa anamkanda kifundo kwa mafuta kila Jumapili, na hapo nililazimika kuinuka nikatazame dirishani kidogo.

Sasa hawezi kubana klachi. Anaibana kwa vidole viwili vya mwisho, na akipiga kona ya mawe anahisi kisu ndani ya kifundo. Alichotaka ni sindano tu, arudi kazini kabla ya saa 8.

Dokta akaagiza radio. Umeme ukakatika. Jenereta haikuwa na mafuta, aliyetumwa kununua hakuonekana, na mimi nikabaki na kijana huyu, mama wa binti akingoja risiti, wazee wawili wenye miguu mibovu, wote wakinitazama kama ni mimi niliyezima taa. Kijana hakunyamaza. Kila dakika kumi alianza upya: kaka yake alivunjika mfupa wa mkono, wa juu hapa, akafungwa wiki sita, leo anabeba magunia. Kwa nini yake mfupa mdogo hivi ndiyo isumbue?

Swali lilikuwa zuri, hata kama aliliuliza kwa matusi. Nikatoa maharagwe yangu.

Nina maharagwe manane kwenye kikopo, nayatumia siku za namna hii. Nikapanga mifupa minne mezani kwa mstari, upande wa kiwiko: skafoidi upande wa dole gumba, kisha semilunari, piramidali, na pizifomu, ile punje unayoipapasa chini ya kidole kidogo. Mbele yake mstari wa pili, kuanzia dole gumba tena: trapezi, trapezoidi, mfupa mkubwa wa katikati, na ule wa ndoano. Minane yote inaingia katika eneo dogo la kifundo.

Kwa skafoidi sikutumia haragwe. Niliweka korosho, kwa kuwa ndivyo ulivyo: umepinda, una kiuno. Nikaulaza mshazari, nyuma yake katika mstari wa kwanza, kichwa chake kimechungulia wa pili.

"Unaona chukudu?" nikamuuliza, nikimaanisha ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. "Gurudumu la mbele na la nyuma vinashikwa na nini?"

"Ubao."

"Huu ndio ubao."

Ukikunja kifundo, mistari miwili inasogea kila mmoja kwa namna yake, na skafoidi ndiyo inayoifunga pamoja. Ubao ukikatika katikati, kila ukishika kikombe kipande cha mbele kinavutwa huku na cha nyuma kule. Mfupa wa kaka yake, ule mrefu, una ngozi ngumu kuuzunguka, na ukivunjika ngozi hiyo inajenga uvimbe wa mfupa mpya, kama fundi anayeunganisha vyuma kwa kuvikandika chomeleo. Skafoidi haina anasa hiyo. Karibu sehemu nne kati ya tano za uso wake ni gegedu laini la kiungo, na imezungukwa na ute wa kiungo unaoosha hata damu iliyoganda kwenye ufa. Lazima kipande kiungane na kipande uso kwa uso, na hilo linataka utulivu wa wiki nyingi.

Mmoja wa wale wazee wawili akauliza damu inatoka wapi. Nilimpenda mzee yule.

Damu inatoka kwenye ule mshipa wa upande wa dole gumba, ambao muuguzi anauwekea vidole kuhesabu mapigo. Ungedhani inaingia skafoidi kutoka upande wa kiwiko, kwa kuwa inatoka huko. Hapana. Mshipa unaupita mfupa kwanza, unaingilia mgongoni mwake upande wa vidole, kisha damu inarudi nyuma ndani ya mfupa kuelekea kiwiko. Karibu robo tatu ya damu yake inapita njia hiyo, na kipande cha nyuma hakina njia nyingine.

Hapa Goma sikuhitaji kueleza zaidi. Kila mtu anajua hali ya nyumba ya mwisho kwenye bomba: bomba likipasuka kwa jirani, wewe ndiye unayeshika ndoo. Kiuno kikivunjika, kipande cha nyuma ndicho nyumba ya mwisho. Na ufa ukiwa nyuma zaidi, karibu na kiwiko, inaweza kuchukua miezi mitatu hadi sita, na hata hivyo pengine isishike.

Kijana alinyamaza. Sijui kama ni maneno yangu au njaa.

Saa ngapi umeme ulirudi sikuangalia. Radio ilipotoka tuliiweka kwenye taa. Ufa haukuwa tena unywele. Ulikuwa umepanuka, kingo zake zimekuwa duara na ngumu, kama mawe mawili yaliyosuguana mtoni. Na kipande cha nyuma kilikuwa cheupe kuliko mifupa yote ya jirani. Kijana akafurahi, akadhani weupe ni uzima.

Ni kinyume. Mkono usiofanya kazi vizuri kwa miezi, mifupa yake hupoteza madini, maana damu inayapakua na kuyachukua. Kipande kisichofikiwa na damu hakuna wa kukipakua. Kinabaki na mzigo wake wote, kinang'aa. Dokta alisema weupe peke yake hauthibitishi kwamba kimekufa, na kwamba hapo platri pekee haitasaidia: kunahitajika skana, kisha pengine kusafisha ufa, kupachika mfupa uliochukuliwa mahali pengine mwilini, na kukaza kwa skrubu. Ukiachwa hivyo, kifundo huenda kikalika miaka ijayo, kikianzia upande wa dole gumba.

Alitaja bei. Kijana akahesabu kwa vidole ni siku ngapi za moto. Vidole havikutosha.

Nilimfungia kishikizo cha muda, nusu platri na bandeji. Alitaka kujua kama kitaloana akipita mvuani. Nikamwambia kitaloana, na kwamba hapaswi kuendesha. Akasema, "Sawa, papa," bila hasira tena, na hilo liliniuma kuliko matusi ya asubuhi.

Jioni, mgongo umechoka. Nilisikia moto ikiwashwa nje ya lango, gia ikaingia kwa kukwaruza, kama inavyokwaruza klachi isipobanwa hadi mwisho. Nikabeba ndoo nje. Platri iliyobaki hutuama chini kama uji, na haimwagwi kwenye sinki, itaziba bomba. Nikaimwaga juu ya mawe nyuma ya jengo, nikasuuza, nikaifunika ndoo.