Uzoefu wangu: usonji, uchumba, na ushauri wa shangazi ulionikosesha sato

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia mabinti wenye usonji wakipewa ushauri uleule niliopewa mimi, kwamba mwanamke anayejiheshimu hasemi waziwazi anachokitaka. Huenda unawafaa wale ambao tangu utotoni husikia kilicho nyuma ya maneno. Mimi naweka hesabu za dagaa na mabondo ya samaki pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kila sentensi huipokea jinsi ilivyosemwa, na ushauri huo ulibaki kidogo tu unipotezee mwanamume ambaye barua yake ya posa sasa iko mezani kwa baba.

Usonji wangu ulithibitishwa nikiwa mtu mzima. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayouonesha, kwa hiyo mtaalamu wa saikolojia alinihoji kwa kirefu, kisha akamwomba mama aeleze utoto wangu. Mama alisimulia huku akicheka jinsi alivyowahi kunituma mlangoni akisema, "Hebu kaangalie kama mgeni amefika," nami nikaenda, nikamwangalia mgeni akiwa amesimama juani, nikaridhika kwamba amefika, nikaenda kucheza. Mtaalamu hakucheka. Aliandika.

Sasa nije kwa shangazi. Nilipomweleza kwamba kuna fundi wa mashine za boti anayenisalimia kila anapopita dukani, na kwamba salamu zake zimeanza kuwa ndefu, alinikalisha jikoni kwake Nyegezi akanipa somo. "Akikualika, kataa. Anayekutaka kweli atarudi." Nilimuuliza nikatae mara ngapi. Alidhani natania, akajibu, "Hata mara tatu, mwanangu." Niliichukua tatu kama tatu. Fundi aliponialika twende kula sato Capri Point, nilimjibu kwamba siwezi. Aliuliza kama wiki inayofuata ingefaa, nikamjibu kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, moyoni nikifurahi kwamba kazi inakwenda vizuri na imebaki moja tu. Nilikuwa nimeshapeleka gauni kwa fundi cherehani kwa ajili ya mwaliko wa nne. Jioni ile ukaja ujumbe: "Basi sawa dada, samahani kwa usumbufu." Nikausoma kama ulivyo, nikaona kijana ana adabu, nikaendelea kungoja mwaliko wa tatu ili niukatae.

Haukuja. Alipopita dukani salamu zilikuwa zimerudi kuwa fupi. Nilipompelekea shangazi malalamiko, alishika kichwa na kuuliza, "Kwani hukumwonesha kwa macho?" Hapo ndipo nilipofahamu kwamba somo lilikuwa na kifungu ambacho hakukitaja kwa sababu kwake ni dhahiri mno: unakataa kwa mdomo huku unakubali kwa macho, kwa tabasamu la upande na kwa sauti inayoshuka mwishoni. Yaani jibu lenyewe lote lilitakiwa likae machoni, na macho ndiyo mahali ambapo mimi sisomi wala siandiki. Fundi wa watu alikuwa ameambiwa hapana na akaiheshimu. Nashukuru sana kwamba aliiheshimu, kwa sababu anayefundishwa kwamba hapana ya mwanamke ni mlango ulioegeshwa ataisukuma hata siku ambayo umeufunga kwa kufuli, na sisi tusioonesha hisia zetu usoni hatuna namna ya pili ya kumwonya.

Niliamua kumweleza kwa maandishi, kwa kuwa ana kwa ana natumia nguvu nyingi kupanga uso na mikono hadi maneno yananikimbia. Rasimu ya kwanza ilikuwa na utangulizi, historia ya usonji, vichwa vya habari na, naomba msicheke, hitimisho. Niliifuta yote, maana ilifanana na taarifa ya mkaguzi wa hesabu. Niliyoituma ilikuwa hii:

"Habari za jioni. Uliponialika nilikataa, ilhali nilitaka kuja. Nilifuata ushauri wa mtu, na haunifai. Nina usonji. Kwangu maana yake ni kwamba nayasikia maneno yalivyo. Ukisema tutaona, nitakaa nikisubiri tuone. Ukinyamaza, sitajua kama umechukia au umechoka, mpaka uniambie. Nami nikisema kitu hakuna kilichofichwa nyuma yake. Nikikuuliza kama umekasirika, sianzishi ugomvi, naomba taarifa. Kama mwaliko bado upo, jibu langu ni ndiyo, Jumamosi saa kumi jioni."

Angalieni kwamba neno usonji limepewa sentensi moja tu na mifano ikapewa nafasi iliyobaki. Wengi wakisikia jina hilo humkumbuka mtoto asiyesema waliyemwona mahali fulani, au wanaanza kuuliza dawa na maombi, na usonji si ugonjwa wa kuponywa. Mfano wa "tutaona" kila mtu anauelewa, na unamwambia la kufanya kesho asubuhi. Pia ujumbe wenyewe niliutuma wakati hakuna kilichoharibika siku hiyo kati yetu. Maelezo ya namna hii yakitolewa katikati ya ugomvi husikika kama kisingizio, hata yakiwa ya kweli kabisa.

Alijibu kwa neno moja: "Sawa." Nilikaa na lile neno karibu usiku mzima. Sawa ya kukubali? Sawa ya kuniaga? Asubuhi nilimwandikia nikamuuliza, na akanijibu kwamba alikuwa juu ya boti, mikono imejaa oili, na kwamba alikuwa na maana ya Jumamosi saa kumi jioni.

Nilichagua mahali mimi. Marafiki zake walimshauri anipeleke baa moja ya ufukweni yenye muziki mkubwa, nikakataa, na safari hii nikatoa sababu: kelele zikizidi, akili yangu inatumika kuzichuja na haibaki ya kusikiliza anayeongea nami, kwa hiyo hata dokezo dogo ninaloweza kulinasa mahali patulivu hunipita. Tulikula mapema, kisha tukakaa kwenye mawe tukitazama ziwa. Huu ndio ujanja ninaojivunia kuliko wote. Watu wawili wakikaa ubavu kwa ubavu wakitazama maji, hakuna anayeshangaa kwamba hamwangaliani machoni, na mtu aliyeniambia nimkazie macho mwenzangu nikihesabu hadi tano alinichosha bure, maana nikihesabu sisikii anachosema.

Jua lilipozama fundi alisema, "Baridi imeanza, eeh?" Nikamjibu kwamba ndiyo, na kwamba usiku upepo hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani kwa sababu ardhi hupoa haraka kuliko maji. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Nilikuwa nakuuliza kama unataka koti langu." Nililitaka. Hatukukasirikiana, na njiani kurudi tulikubaliana swali moja ambalo tunalitumia hadi leo: "Hilo ni neno au ni adabu?" Likiwa neno, lichukuliwe lilivyo. Likiwa adabu, aliyelisema aseme la chini yake. Akiniambia, "Usijisumbue kuja gereji," namuuliza, naye siku nyingine hujibu kwamba ni neno, kuna grisi kila mahali, na siku nyingine kwamba ni adabu, ana njaa na angefurahi nikimletea chakula. Sharti ni kwamba swali halijibiwi kwa kuguna, na kwamba kuliuliza si kosa hata likiulizwa jioni nzima.

Mwanzoni aliona kama yeye ndiye anayejishusha kunisaidia. Nilimweleza habari za Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliyeandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji hamsomi asiye nao, na asiye nao hamsomi mwenye usonji vilevile. Nikamweleza pia utafiti wa Catherine Crompton na wenzake uliochapishwa mwaka 2020, ambapo habari ilipitishwa kutoka mtu hadi mtu katika safu za watu wanane. Safu za wenye usonji watupu ziliihifadhi habari vizuri sawa na safu za wasio nao, na iliyopoteza zaidi ni safu iliyochanganya. Fundi alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo sisi ni safu ya mchanganyiko." Nilipenda kwamba alisema sisi.

Kuhusu dalili zisizosemwa, nilishaacha orodha za jumla, zile za mikono iliyokunjwa na miguu inayoelekea mlangoni. Mtu akikunja mikono huenda anaona baridi tu. Ninachofanya ni kujifunza kawaida ya mtu mmoja, kisha kutazama inapobadilika. Fundi kwa kawaida huongea haraka na kurudia neno la mwisho. Akiacha kurudia na kuanza kuzungusha funguo kidoleni, kuna jambo, ingawa funguo haziniambii ni jambo gani. Hapo nauliza. Elimu hiyo haihamishiki, maana dada yake huzungusha funguo akiwa na furaha.

Ukweni ndiko kulikonitisha, kwa sababu kule siwezi kumuuliza mama mkwe kama hilo ni neno au ni adabu. Kabla hatujavuka kwenda Sengerema tuliketi, nikamtaka mwenzangu anitajie sentensi ambazo mama yake husema kila anapokuja mgeni, na kila moja anieleze anachotegemea kukiona. Ngumu ilikuwa, "Pumzika mwanangu, usihangaike na vyombo." Alisema nisisikilize mdomo, niangalie mikono: mama akisema hivyo huku ameshika sufuria kwa nguvu, nikae kweli, na akisema hivyo huku akisogeza beseni upande wangu, nioshe. Alisogeza beseni. Niliosha, na baadaye nikasikia akimwambia jirani kwamba binti ana adabu ila haongei sana. Lakini kanuni ya mikono ni ya vyombo na chakula tu. Kwa mambo ya mwili tulishakubaliana kwamba linalosikilizwa ni neno.

Sasa tuko kwenye posa, na hapa nakiri kwamba wazee walikuwa na akili, maana walituwekea mshenga, mtu ambaye kazi yake ni kubeba maana isiyosemwa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Nimemwomba jambo moja tu la ziada. Baba akisema mahari "tutaelewana tu," asitoke pale kabla hajapata idadi ya ng'ombe, aiandike, aniletee karatasi. Ameguna. Nimemuuliza kama huko kuguna ni kukubali, na amesema ndiyo.