Alhamisi ya Baraza

Mwaka 2009 nilikuwa karani wa ofisi ya kijiji, bonde la Kilombero. Mwekezaji aliomba hekta 180 za ardhi ya kijiji, na barua yake ilikuja kwa Kiingereza. Kwa kuwa eneo halikuzidi hekta 250, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliwapa wananchi wenyewe, katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, uamuzi wa kukubali au kukataa. Halmashauri ya Kijiji, chombo cha wajumbe, hupokea ombi na kulijadili, lakini haiwezi kuitoa ardhi hiyo peke yake.

Mtendaji akanipa barua ile nitoe tangazo. Humo halmashauri na mkutano wa wananchi wote vilitajwa kwa maneno mawili tofauti ya Kiingereza, ila kamusi yangu ndogo iliyatafsiri yote mawili "baraza". Nikaandika: "Wananchi wote wenye miaka 18 na zaidi mnaitwa kwenye Baraza la Kijiji, Alhamisi saa 4 asubuhi." Mahali sikuandika. Mkutano Mkuu hufanyika uwanja wa shule siku zote, nikaona hakuna haja.

Lakini kwetu ukisema baraza, mtu anaelewa Baraza la Ardhi, lile la wajumbe saba wanaosuluhisha migogoro ya mipaka. Nalo lilikuwa likikaa kila Alhamisi, barazani pa ofisi yetu.

Siku hiyo watu walifurika ofisini. Wajumbe walikuwa wakisikiliza shauri la ndugu wawili na mfereji wao, na umati ukasikiliza kimya. Bibi mmoja, ambaye shamba lake la mpunga lilikuwa ndani ya zile hekta 180, akanivuta shati.

"Mjukuu wangu, hao wanaogombana ni nani? Sisi tumeitiwa nini hapa?"

Mwili ulinifa ganzi. Nilichukua baiskeli ya mtendaji nikakanyaga hadi shuleni. Chini ya mwembe walikuwapo watu kama thelathini, karibu wote wa kitongoji cha jirani, ambao shamba hata moja hawana kule. Mwenyekiti alikuwa amemaliza kusoma ombi na alitaka kuwahoji kama wanakubali au wanakataa.

"Mwenyekiti, samahani, usihoji! Watu wako ofisini. Nimewaita kwenye baraza."

Mgeni mmoja alisema tangazo lilibandikwa, asiyefika shauri yake. Mwenyekiti alichukua orodha ya mahudhurio, akaipitia jina kwa jina, akauliza, "Wenye mashamba wako wapi humu?" Hakuna aliyejibu. Akaahirisha.

Usiku ule niliandika tangazo upya: Mkutano Mkuu wa Kijiji, uwanja wa shule, kujadili ombi la hekta 180, na majina ya mito inayopakana na eneo lenyewe. Kesho yake nikalipeleka kitongoji kwa kitongoji, nikilisoma kwa sauti. Kwa bibi yule nililisoma mara mbili. Akaniambia nirudie pale palipotajwa mito.