Siku moja na bahasha ya mzee wa samaki

Saa 1:00 asubuhi. Mimi ni mnunuzi wa vyakula kwenye hoteli moja Dar es Salaam, kwa hiyo siku yangu huanzia kwenye mizani, geti la nyuma. Mzee wa samaki ameshafika kutoka soko la samaki la Feri. Tunamwaga barafu, tunaacha maji yachuruzike, ndipo tunapima. Oda ni samaki aina ya changu kilo 40, mizani inasoma 37.5. Naandika 37.5 kwenye hati ya mzigo, tunasaini wote wawili.

Saa 2:30. Ananifuata ofisini, anafunga mlango, anaweka bahasha mezani. "Mwanangu, hii ya watoto, sikukuu imekaribia." Bahasha imenona, na wiki hii tunapokea bei mpya za wauzaji.

Naenda kuufungua mlango kwanza. "Mzee wangu, nashukuru sana. Ila anayepanga bei hapa haruhusiwi kupokea kitu kwa muuzaji yeyote, si kwako tu. Naomba uirudishe mfukoni." Siigusi wala sihesabu. Neno rushwa silitamki, ingawa sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamgusa hata mwajiriwa wa kampuni binafsi. Nikilitamka, mzee wa watu ataondoka na aibu na sitamwona tena.

"Basi hata ya soda?"

"Soda nitakununulia mimi. Kaa."

Tukiwa tunakunywa namuuliza kama kuna kinachomsumbua. Kumbe ndiyo penyewe. Pale mnadani Feri yeye hulipa taslimu, sisi tuliahidi kumlipa ndani ya siku 30, na ankara moja imefika siku 47. Alidhani nimeikalia.

Saa 4:00. Uhasibu. Ankara yake inasema kilo 52, hati ya mzigo inasema 49. Hazilingani, ikawekwa pembeni, na hakuna aliyempigia simu. Hili ni kosa letu kabisa. Nampigia: alete ankara mpya ya kilo 49, italipwa Ijumaa.

Saa 6:00. Mlinzi analeta kikapu cha maembe, dereva wa mzee alikiacha getini. Kuyarudisha ni kuyaozesha, basi yanakwenda kantini ya wafanyakazi, na mzee namwambia yameliwa na nani. Kisha daftari la zawadi: tarehe, nani alileta, bahasha haikupokelewa wala kufunguliwa, maembe kantini. Meneja anasaini. Kesho mtu akisema nilikula, karatasi ipo.

Saa 9:00. Bei mpya. Namwomba mpishi mkuu na mhasibu wazifungue, mimi nijaze jedwali tu. Baada ya jambo kama la leo mkono unaweza kumbeba mtu kwa huruma, au kumkomoa ili nionekane msafi. Kwenye changu mzee ndiye mwenye bei nafuu, kwenye kamba amepitwa. Changu anabaki nazo, kamba zinakwenda kwa mwingine.

Saa 10:30. Namjulisha mwenyewe kwa simu. Anaguna kuhusu kamba, kisha anauliza: "Kesho nguru je?"

"Kilo 25, mzee. Na kijana wako aandike ankara baada ya kupima, asiandike kabla."