Askofu Aliyepwelewa

Leo alasiri nimecheza tena sataranji na Ami, pale Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, pembeni mwa wazee wa bao. Mchezo haukwisha, lakini nimerudi nyumbani na jambo moja ambalo nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu juma lililopita, nalo ni la askofu wangu wa miraba myeupe.

Juma lililopita Ami alinifunga kwa utulivu mkubwa. Nilikuwa na vipande vyeusi, nikachagua kujikinga kwa Kifaransa, ufunguzi uliopata jina lake kutokana na mchezo wa barua kati ya London na Paris ulioanza mwaka 1834. Askari wangu walisimama d5 na e6, wake d4 na e5, na katikati pakafungika kabisa. Mraba wa d5 na ule wa e6 yote miwili ni myeupe, kwa hiyo askofu wangu anayetembea kwenye miraba myeupe alijikuta amezibiwa njia na watu wake mwenyewe. Huyo ndiye tunayemwita askofu mbaya. Mwenzake, anayetembea kwenye miraba myeusi, ndiye askofu mwema, kwa sababu askari wetu hawamzuii, na kati ya maaskofu wawili ndiye pekee anayeweza kulinda miraba ambayo askari hao hawailindi. Kosa langu lilikuwa kumtoa huyo mwema: nilimpeleka b4, nikambadilisha na farasi wa c3, nikaridhika kwamba nimevuruga askari wa Ami. Baada ya hapo farasi wake wa pili alipita d2 na b3 akakaa c5, mraba mweusi unaolindwa na askari wa d4. Askofu niliyebaki naye hangeweza kumgusa hata tungecheza mpaka alfajiri. Alikaa d7 kama jahazi lililopwelewa, akilinda e6, na kazi hiyo askari yeyote angeifanya.

Leo tumefika mahali palepale kwa njia nyingine. Ninaiandika kama ilivyo, ili msomaji aweze kuipanga kwenye ubao wake:

```
1.e4 e6 2.d4 d5 3.e5 c5 4.c3 Nc6 5.Nf3 Bd7
6.Be2 Nge7 7.Na3 cxd4 8.cxd4 Nf5 9.Nc2 Qb6 10.O-O
```

Hapa nilikaa muda mrefu, hata Ami akaagiza kahawa ya pili. Kila kipande changu kilikuwa na kazi isipokuwa yule wa d7. Malkia aliye b6, farasi wa c6 na farasi wa f5 walikuwa wameielekea d4 kwa pamoja, watatu kwa idadi. Lakini Ami naye aliilinda kwa watatu, yaani malkia na farasi wawili, kwa hiyo shinikizo langu lilionekana zuri bila kuzaa kitu. Ndipo nilipojiuliza si namna ya kumla askari wa d4, bali namna ya kumpa kazi huyu askofu.

Niliona njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kusukuma askari f6 ili kuuvunja ukuta wenyewe. Ami akila, nami nikila kwa askari wa g7, e5 inatoweka, na baadaye askofu anaweza kupita e8 hadi g6 au h5, nje ya ukuta wake. Njia hiyo ni halali, na mara nyingi ndiyo bora, ila mfalme wangu alikuwa bado e8, palepale askofu alipotaka kupita, na e6 ingebaki bila askari wa kuilinda. Kufungua katikati mfalme akiwa katikati ni sawa na kufungua mlango wa nyumba usiku kwa sababu ndani kuna joto.

Njia ya pili ni kumbadilisha. Askofu mwema wa Ami ni yule wa e2, kwa kuwa askari wake wamesimama kwenye miraba myeusi na yeye anatembea kwenye myeupe. Ningempeleka wangu b5, wangekutana uso kwa uso, na mbaya wangu angeondoka na mwema wake. Tatizo lilikuwa farasi wa c6, aliyesimama katikati ya d7 na b5. Ningemfikiria askofu huyu mapema, ningemtoa malkia b6 kwenye hatua ya nne na kumweka askofu d7 kwenye ya tano, farasi akiwa bado nyumbani, na b5 ingekuwa wazi tangu mwanzo. Nilikuwa nimezoea kumtoa farasi kwa haraka, kama wengi wetu.

Basi nikamsogeza farasi a5. Wazee wa bao hawakutazama, lakini kijana mmoja aliyesimama nyuma yangu aliguna, na alikuwa na haki ya kuguna: farasi pembeni ya ubao ana miraba michache, na nilikuwa nimeondoa mmoja wa wale watatu walioibana d4. Niliona gharama hiyo inalipika kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba katikati palikuwa pamefungwa. Hatua mbili au tatu za kuzunguka hazikumpa Ami mwanya wa kunishambulia. Ubao ungekuwa wazi, hesabu hiyo ingeniua.

Ami alijibu kwa askofu d3, akimtishia farasi wangu wa f5. Nikaweka askofu b5. Kama angemla farasi, ningemla askofu wake kwa askari wa e6, na papo hapo ngome yake ya f1 ingekuwa hatarini. Askari wangu wawili wangepangana kwenye safu ya f, na d5 ingehitaji ulinzi, lakini askofu wa b5 angetawala miraba myeupe bila mpinzani. Ami aliliona hilo. Akabadilisha askofu kwa askofu, huku akimtishia mfalme wangu, nami nikala kwa malkia.

Nilihisi wepesi ambao sijauhisi tangu juma lililopita. Sasa mwenye askofu mbaya alikuwa Ami: aliyebaki naye ni yule wa c1, anayetembea kwenye miraba myeusi pamoja na askari wa d4 na e5. Nikamwambia, kwa heshima ila kwa uchokozi kidogo, "Ami, huyo wa c1 sasa ni mgonjwa."

"Namuona, mwanangu," akasema, akasukuma askari g4. Farasi wangu akarudi e7. Kisha, bila haraka, akasukuma askari mwingine b3.

Nilidhani anamzuia tu farasi wa a5 asiende c4. Ilinichukua dakika kadhaa kuona kwamba b3 inamfungulia askofu wa c1 mraba wa a3, na kutoka huko atamkabili farasi wa e7 na, nyuma yake, askofu wangu mwema wa f8. Nikimwondoa farasi ili maaskofu wabadilishane a3, farasi wake wa c2 atakula pale huku akimtishia malkia wangu wa b5. Alikuwa ananifanyia lile lile nililomfanyia.

Adhana ya magharibi ikaingia kabla sijajibu. Nimechora ubao kwenye daftari, na zamu ni yangu. Ninafikiria kusukuma h5 dhidi ya askari wa g4, ila bado sijajua kama nina muda huo.